Alama 2.46

Mwanafunzi wa uchambuzi wa mikopo amepewa faili na agizo fupi: jifanye ni Aprili 2001, wewe ni afisa mikopo wa benki, na kampuni hii inataka kukopa dola milioni 200. Utaikopesha? Ndani ya faili mna ripoti ya mwaka 2000 ya kampuni ya nishati ya Houston, Texas. Jina lake ni Enron.

Kila anayesoma biashara anajua mwisho wake. Tarehe 2 Desemba 2001 Enron ilikimbilia mahakama ya ufilisi, na hadi siku hiyo Marekani haikuwa imeona ufilisi mkubwa kuliko huo. Lakini kujua mwisho hakumsaidii mwanafunzi, kwa kuwa hakuulizwa nini kilitokea. Ameulizwa hesabu zilikuwa zinasema nini miezi minane kabla, zikiwa bado na sahihi ya mkaguzi na bila doa lolote mbele ya umma. Na ameambiwa aanze na kipimo kinachofundishwa kuliko vyote katika somo hili: alama Z ya Altman.

Anachukua kikokotoo. Anatoa namba saba kwenye ripoti, anatafuta bei ya hisa ya mwisho wa mwaka, anapiga hesabu kwa dakika kumi. Jibu ni 2.46.

Sasa ndipo kazi inapoanza.

Edward Altman alikuwa mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha New York alipochapisha kipimo hicho mwaka 1968. Wachambuzi wa mikopo wa enzi zile walikuwa na uwiano wa kila aina, na kila uwiano ulisema lake. Kampuni moja ingeonekana na fedha za kutosha kulipa madeni ya karibuni, lakini faida yake ni kiduchu. Nyingine ingekuwa na faida nono na madeni hadi shingoni. Afisa mikopo alibaki na shauri kumi mkononi, bila kujua ipi ina uzito zaidi.

Altman alichukua kampuni 66 za viwanda vya Marekani. Nusu yake, yaani 33, zilikuwa zimefilisika kati ya 1946 na 1965. Nyingine 33 zilikuwa za ukubwa na shughuli zinazofanana nazo, ila zilikuwa bado hai. Alianza na uwiano 22, kisha akatumia mbinu ya takwimu inayofanya kazi kama ungo: inatafuta mchanganyiko wa vipimo utakaotenganisha mchele na pumba vizuri kuliko mchanganyiko mwingine wowote. Ulibaki uwiano tano, kila mmoja na uzito wake. Katika umbo linalotumika leo, kanuni yenyewe ni hii:

```
Z = 1.2*X1 + 1.4*X2 + 3.3*X3 + 0.6*X4 + 1.0*X5
```

X1 ni mtaji wa kuendeshea biashara ukigawanywa kwa mali zote. Mtaji huo ni kile kinachobaki ukitoa madeni ya ndani ya mwaka mmoja kwenye mali zinazoweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka huohuo. Kampuni inayoelekea pabaya huanza kuukosa mapema.

X2 ni faida iliyolimbikizwa, tena kwa kulinganisha na mali zote. Hiyo ni faida ambayo kampuni imeiacha ndani tangu ianzishwe badala ya kuigawa kwa wenye hisa. Ndani yake umejificha umri: kampuni changa haijapata muda wa kulimbikiza, na ni kweli kwamba kampuni changa hufa kwa wingi.

X3 ni faida kabla ya riba na kodi, kwa kila dola ya mali. Uzito wake, 3.3, ndio mkubwa kuliko wote, kwa sababu unauliza swali la msingi: ukiacha namna ilivyokopa na namna inavyotozwa kodi, mali hizi zinazalisha nini?

X4 ni thamani ya hisa zote kwa bei ya soko, ikilinganishwa na madeni yote. Kwa maneno mengine, soko linaona kampuni inaweza kupoteza kiasi gani kabla madeni hayajazidi thamani yake. X5, ya mwisho, ni mauzo kwa kila dola ya mali.

Ukijumlisha, alama inayozidi 2.99 inaitwa salama. Iliyo chini ya 1.81 iko katika hatari. Katikati yake kuna eneo la kijivu, mahali ambapo katika kampuni zile 66 za mwanzo wazima na wagonjwa walichanganyika. Kipimo kinapoishia hapo, kinakiri kwamba hakijui.

Enron, kwa 2.46, ilikuwa katika eneo la kijivu.

Mwanafunzi asiye makini ataishia hapo. Ataandika kwamba kampuni haimo hatarini wala haiko salama kabisa, kwamba iangaliwe kwa tahadhari, na kwamba mkopo unaweza kutolewa kwa masharti. Atakayefanya hesabu ya mwaka uliotangulia atakuwa na ujasiri zaidi, kwa sababu mwaka 1999 alama ilikuwa 2.33. Imepanda. Kampuni, kwa kipimo hiki, inapata nafuu.

Mwanafunzi makini ataifumua alama na kuangalia imeshonwa kwa uzi gani.

Mwisho wa mwaka 2000 Enron ilikuwa na mali za dola bilioni 65.5, karibu mara mbili ya zile bilioni 33.4 za mwaka uliotangulia. Mtaji wake wa kuendeshea biashara ulikuwa karibu dola bilioni 2, na baada ya kuzidishwa kwa uzito wake ulichangia 0.04 tu katika alama. Faida iliyolimbikizwa, dola bilioni 3.2, ilichangia 0.07. Faida kabla ya riba na kodi, dola bilioni 2.5, ilichangia 0.13. Ukijumlisha zote tatu hupati hata robo ya alama moja. Hizi ndizo sehemu zinazoonyesha afya ya biashara kutoka ndani, na zote kwa pamoja hazikufikia sehemu ya kumi ya jibu.

Sehemu zilizobaki ni mbili. Bei ya hisa ilichangia 0.69. Mauzo yalichangia 1.54. Hapo ndipo ilipotoka alama 2.46.

Tuanze na mauzo, kwa kuwa ndiyo yenye sauti kubwa. Enron iliripoti mauzo ya dola bilioni 40.1 kwa mwaka 1999 na bilioni 100.8 kwa mwaka 2000. Kwa hesabu hiyo ilikuwa miongoni mwa kampuni kumi kubwa za Marekani. Lakini kufikia wakati huo sehemu kubwa ya shughuli zake haikuwa kuchimba gesi wala kuzalisha umeme. Ilikuwa kununua na kuuza mikataba ya gesi na umeme, mara nyingi ndani ya siku moja, ikipata faida ndogo kati ya bei mbili. Na kila ilipouza, iliandika thamani yote ya bidhaa kuwa mauzo yake.

Wakala wa fedha za simu wa Kariakoo anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Kwa mwezi mikono yake inaweza kupitisha shilingi milioni mia moja, za kuweka na za kutoa. Akimwambia afisa wa benki kwamba mauzo yake ni milioni mia moja, afisa atacheka. Mapato ya wakala ni kamisheni. Fedha nyingine zote zimepita tu, kama maji mferejini.

Enron ilihesabu maji yote. Katika ripoti ileile, mstari mmoja chini ya mauzo, gharama ya gesi, umeme, metali na bidhaa nyingine ilikuwa dola bilioni 94.5. Ukitoa, kinabaki dola bilioni 6.3. Mwaka uliotangulia, hesabu hiyohiyo inatoa bilioni 5.4. Mauzo yaliongezeka kwa bilioni 60, na kilichobaki mkononi kikaongezeka kwa chini ya bilioni moja. Debe lilivuma kweli.

Mwanafunzi akiweka hiyo bilioni 6.3 mahali pa mauzo, kama ambavyo angefanya kwa dalali yeyote, mchango wa X5 unashuka kutoka 1.54 hadi 0.10. Alama nzima inaanguka kutoka 2.46 hadi 1.02. Hakuna siri iliyofichuliwa wala hati iliyoibwa. Namba zote mbili zilikuwa katika ukurasa mmoja wa ripoti iliyokuwa wazi kwa kila mtu.

Bei ya hisa ina kasoro ya aina nyingine. Desemba 2000 hisa moja ya Enron iliuzwa kwa dola 83 na senti kadhaa, na hisa zote pamoja zilikuwa na thamani ya takriban dola bilioni 62. Hoja ya Altman ya kuweka soko ndani ya kanuni ilikuwa na mantiki: maelfu ya watu wanaoweka fedha zao huenda wanajua jambo ambalo mizania haijalionyesha. Ila soko husoma mizania hiyohiyo. Kampuni ikitangaza faida iliyopambwa, bei inapanda, na bei iliyopanda inaingia kwenye alama kana kwamba ni shahidi wa pili. Kumbe ni shahidi wa kwanza amebadili kanzu.

Altman mwenyewe alishaona kwamba kanuni ya 1968 haivai kila mwili. Ilipimwa kwenye viwanda, tena vyenye hisa sokoni. Kwa hiyo mwaka 1983 alitoa toleo la kampuni zisizouza hisa sokoni, ambalo linatumia mtaji wa wenye kampuni kama ulivyo vitabuni badala ya bei ya soko. Toleo hilo lina maana kubwa kwetu Afrika Mashariki, ambako soko la hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 na hadi leo waombaji wengi mno wa mikopo ya biashara hawajawahi kuwa na bei ya hisa. Afisa anayechukua kanuni ya 1968 na kuweka mtaji wa vitabuni kwenye X4 bila kubadili uzito mwingine wowote hajatumia kipimo cha Altman. Ametunga chake, ambacho hakuna aliyekipima.

Katika miaka ya 1990 likaja toleo la tatu, kwa kampuni zisizo za viwanda. Hili liliondoa mauzo kabisa, kwa sababu mauzo kwa kila dola ya mali hutofautiana mno kati ya shughuli moja na nyingine: duka la vyakula huzungusha mali zake mara nyingi kwa mwaka, na kampuni ya umeme huenda isizizungushe hata mara moja. Zilibaki sehemu nne, na uzito wake ukapimwa upya:

```
Z'' = 6.56*X1 + 3.26*X2 + 6.72*X3 + 1.05*X4
```

Hapa X4 ni mtaji wa vitabuni ukigawanywa kwa madeni yote, na mipaka nayo imehama: juu ya 2.60 ni salama, chini ya 1.10 ni hatari. Kutumia kanuni hii na mipaka ya ile ya kwanza ni kosa ambalo walimu hulikuta kila muhula.

Mwanafunzi anarudia hesabu. Anatumia ripoti ileile na sahihi ileile ya mkaguzi, bila kugusa namba hata moja. Kwa mwaka 1999 anapata 1.18, juu kidogo tu ya mstari. Kwa mwaka 2000 anapata 0.84. Kampuni iliyokuwa inapata nafuu kwa kanuni moja imeanguka katika eneo la hatari kwa kanuni nyingine. Sababu inaonekana wazi: mali ziliongezeka karibu mara mbili, na faida haikuzifuata. Mwaka 1999 kila dola mia za mali zilizalisha takriban dola sita kabla ya riba na kodi. Mwaka 2000 zilizalisha chini ya nne.

Kishawishi hapa ni kusimama na kutangaza ushindi: kumbe kipimo kilijua, ila tulikosea toleo. Mambo si mepesi hivyo, na kazi nzuri ya darasani lazima iseme kwa nini.

Kwanza, mali zile bilioni 65.5 hazikuwa mitambo na mabomba pekee. Takriban bilioni 12 kati ya mali za muda mfupi zilikuwa thamani ya mikataba ya biashara ya nishati, na upande wa madeni kulikuwa na kiasi kinachokaribiana nacho. Kampuni inayofanya biashara ya mikataba huvimba mizania pande zote mbili, kama benki. Uwiano wowote unaogawanywa kwa mali zote utashuka hata kama biashara ni nzima. Ndiyo maana benki na taasisi za fedha hazipimwi kwa kanuni hizi, na kampuni nyingi za umeme zenye afya hupata alama za chini. Ile 0.84 ilikuwa sahihi kwa Enron, lakini sehemu yake ilitokana na umbo la biashara na si ugonjwa. Afisa angeipata alama kama hiyo kwa kampuni nyingine ya aina hiyo ambayo iko hai hadi leo.

Pili, namba zenyewe hazikuwa za kweli. Novemba 2001 Enron ilisahihisha hesabu zake za kuanzia 1997 na kufuta karibu dola milioni 590 za faida. Baadaye Neal Batson, mchunguzi aliyeteuliwa na mahakama ya ufilisi, alionyesha kwamba mbinu sita za kihasibu ziliiwezesha kampuni kuripoti madeni ya dola bilioni 10.2 mwisho wa mwaka 2000, wakati hesabu iliyonyooka ingeonyesha bilioni 22.1. Baadhi ya fedha zilizoandikwa kuwa zimetokana na biashara zilikuwa mikopo ya mabenki iliyovishwa vazi la mauzo ya gesi. Hakuna uzito wowote, uwe 3.3 au 6.72, unaoweza kukizidisha kitu ambacho hakikuandikwa.

Kuna kipimo kingine kilichotungwa kwa ajili ya tatizo hilo hasa. Messod Beneish alitunga alama ya uwiano nane inayotafuta dalili za hesabu zilizochezewa, kwa mfano wadaiwa wanaoongezeka haraka kuliko mauzo. Mwaka 1998 wanafunzi wa shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Cornell, wakifanya kazi yao ya darasa, waliitumia kwa Enron. Waliandika kwamba huenda kampuni inachezea faida zake, wakapendekeza hisa ziuzwe. Walikuwa sahihi. Hata hivyo bei iliendelea kupanda kwa zaidi ya miaka miwili baada ya ripoti yao, na mwekezaji aliyewasikiliza alikaa kipindi chote hicho akiwatazama wenzake wakitajirika. Kipimo kinaweza kuona ugonjwa bila kujua siku ya msiba.

Suala la siku linatupeleka kwenye mpaka mwingine wa kipimo, ambao hutajwa mara chache. Katika utafiti wa 1968, Altman alitambua kampuni 31 kati ya 33 zilizofilisika alipotumia hesabu za mwaka wa mwisho kabla ya anguko. Alipotumia hesabu za miaka miwili kabla, alitambua asilimia 72. Miaka mitatu kabla, asilimia 48, ambayo ni sawa na kurusha shilingi. Mkopo wa miezi sita na mkopo wa miaka mitano si swali moja, na alama Z hujibu vizuri lile la kwanza tu.

Tena sampuli yake ilikuwa nusu kwa nusu, jambo ambalo hakuna benki inayolikuta. Tuseme benki ina wakopaji 1,000, na 20 kati yao watafilisika mwaka ujao. Kwa ubora wa utafiti ule wa mwanzo, kipimo kitawakamata 19 kati ya hao 20. Lakini kati ya wazima 980 kitakosea kwa asilimia tatu hivi, yaani kitawatuhumu 29. Mezani kwa afisa kutakuwa na majina 48, na wengi wao hawana tatizo. Hiyo ni kwa kipimo kikiwa katika siku zake bora. Miongo mitatu baadaye Altman aliandika kwamba asilimia 15 hadi 20 ya kampuni za Marekani zilikuwa zikipata alama chini ya 1.81, nyingi zikiwa zimezoea kukopa zaidi kuliko baba zao wa miaka ya 1950. Kwa asilimia 15, wazima wanaotuhumiwa ni 147. Katika kila majina tisa yaliyopigwa mstari mwekundu, moja tu ndilo litakalofilisika. Afisa akiwanyima wote, benki imewafukuza wateja wazuri wanane ili kumkwepa mbaya mmoja.

Kwa hiyo alama inafaa kazi ya mlangoni, si ya hukumu. Inamwonyesha afisa faili lipi alifungue kwanza, na ndani ya faili alitazame sehemu ipi. Wakaguzi wa hesabu na wachambuzi wa hati za madeni huitumia hivyo hadi leo.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo mwanafunzi hatalipata kwenye kanuni yoyote, kwa sababu haliishi katika mizania. Madeni kadhaa ya Enron yalikuwa na sharti: wakala wa ukadiriaji wakishusha daraja la kampuni, mkopeshaji anaweza kudai fedha zake mara moja. Enron iliishi kwa kuaminiwa. Wenzake katika biashara ya mikataba walifanya naye kazi bila kudai fedha mkononi kwa sababu daraja lake lilikuwa la kuaminika. Oktoba 16, 2001 ilitangaza hasara ya dola milioni 618 kwa robo mwaka. Novemba daraja likashushwa, na deni la dola milioni 690 likawa linadaiwa mapema. Tarehe 28 Novemba ikashushwa hadi daraja la wasioaminika, na siku nne baadaye mawakili wakawasilisha maombi mahakamani. Kutoka tangazo la hasara hadi ufilisi zilipita siku 47. Hesabu za mwaka hutoka mara moja kwa mwaka.

Turudi kwa mwanafunzi wetu na dola zake milioni 200. Ripoti yake, ikiwa nzuri, haina alama moja bali jedwali dogo: kanuni ya 1968 kwa miaka miwili, toleo la tatu kwa miaka miwili, na safu ya tatu yenye mauzo yaliyorekebishwa. Chini ya jedwali ameeleza kwa sentensi chache kwa nini safu ya kwanza inapanda na ya pili inashuka. Ameandika wazi kwamba haamini moja kwa moja ile 0.84, na kwa nini. Pendekezo lake ni kutotoa mkopo hadi kampuni ijibu maswali matatu kwa maandishi.

La kwanza: ikiwa mauzo yameongezeka kwa dola bilioni 60, kwa nini kilichobaki baada ya gharama ya bidhaa hakikuongezeka hata kwa bilioni moja? La pili: ni mikopo ipi yenye sharti la daraja, na jumla yake ni kiasi gani?

La tatu limetoka sehemu ya nyuma ya ripoti, kwenye maelezo namba 16, ambako kampuni inasema imefanya biashara na ubia fulani unaosimamiwa na afisa wake mwandamizi. Maelezo hayo hayamtaji afisa huyo. Mwanafunzi anaomba jina.